KUKATAA KUSEMA MBELE YA WATU, NA KUMTAJA MWINGINE

Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu niseme juu ya jambo lililobishaniwa sana bwenini muhula huu. Jambo lenyewe ni hili: mtu akialikwa kusema mbele ya watu wa kwao, naye hawezi kwenda, ajibu namna gani? Tena, je, ni haki yake kumtaja mtu mwingine ashike nafasi ile, au kufanya hivyo ni kuwaamulia wenye shughuli?

Ubishi ulianza kwa sababu ya barua niliyoletewa kutoka kijijini kwetu. Halmashauri ya Kijiji ilinitaka nije siku ya kufungua kisima kipya, nisome maneno ya dakika kumi kwa niaba ya vijana mbele ya mgeni rasmi. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi iliyo katikati ya mtihani wetu wa majaribio, ule tuuitao moko. Mwanafunzi wa bweni hapewi ruhusa ya kutoka wakati wa mtihani, na hata angepewa, safari ya kwetu ni ya kutwa nzima kwa basi. Basi kwenda haikuwezekana. Lililobaki lilikuwa jibu tu.

Wenzangu walinipa mashauri matatu. Mmoja alisema niseme nina homa. Wa pili alisema ninyamaze, maana watajua wenyewe nisipotokea. Wa tatu, ambaye wengi walimwunga mkono, alisema niandike, "Mungu akipenda nitajitahidi kufika." Mimi naona mashauri yote matatu ni mabaya, na hili la tatu lapita mengine kwa ubaya, kwa kuwa lina sura ya adabu.

Tazama kazi inavyokwenda katika shughuli kama ile. Halmashauri hutengeneza ratiba, nayo hupelekwa mapema ofisini kwa mgeni rasmi. Katika ratiba kila jina lina dakika zake. Nikiandika kwamba nitajitahidi, jina langu litaingizwa, wala hatatafutwa mtu mwingine. Siku ikifika, mshehereshaji ataniita mara mbili mbele ya watu wote, nami sipo. Ahadi ni deni, na "nitajitahidi" huhesabiwa kuwa ahadi na yule anayeisoma, hata kama aliyeiandika alikusudia kukataa. Habari ya homa nayo haifai, kwani kijijini mtu akisikia mtoto wa fulani anaumwa, kesho yake mama yake yumo ndani ya basi analeta uji.

Jibu la wazi, likitoka mapema, humwachia mwenye shughuli nafasi ya kutengeneza mambo yake. Mfano wake umo katika historia ya Amerika. Mwaka 1863 watu wa Getisbagi walimwandikia msemaji mashuhuri, Edwadi Evereti, aje kutoa hotuba tarehe 23 Oktoba katika kufungua makaburi ya askari. Yeye alijibu kwamba hawezi kuwa tayari kabla ya tarehe 19 Novemba. Kwa kuwa alisema mapema tena alitaja siku, wenye shughuli waliisogeza siku yao. Kwetu haikufaa kuomba hivyo, kwa sababu siku ilikwisha kupangwa kwa kufuata nafasi ya mgeni rasmi. Kwa hiyo ilinipasa kumtaja mtu.

Hapo ndipo penye kazi. Jambo la kwanza ni kutazama umealikwa kama nani. Barua yao ilisema "hotuba", lakini walichotaka kwa kweli ni risala. Katika sherehe zetu, risala husomwa na mmoja kwa niaba ya kundi, kumweleza mgeni rasmi hali na shida za kundi hilo. Hotuba ni yake mgeni. Basi niliitwa kama kijana, wala si kwa sababu ya sauti yangu nzuri. Baba alipenda nimtaje mwalimu mstaafu jirani yetu, mzee mwenye kusema vizuri kuliko sisi sote. Lakini mzee wa miaka sabini hawezi kusoma risala ya vijana. Wengine walipenda nimtaje ndugu yangu mdogo ili nafasi isitoke nyumbani. Huyo ni kijana kweli, ila habari za kisima hazijui, na watu wangesema nimegeuza mwaliko kuwa urithi.

Niliyemwona anafaa ni dada mmoja aliyemaliza Kidato cha Nne, ambaye sasa ni katibu wa jumuiya ya watumiaji maji. Yeye ndiye aliyeandika daftari la michango ya kisima tangu siku ya kwanza. Ajua nani amelipa na nani hajalipa, na fedha zimewekwa wapi.

Jambo la pili ni kumwuliza mtu huyo kwanza, kabla ya kulitia jina lake katika barua. Mwalimu wetu wa malezi alinikubalia kutumia simu yake. Nilimwamkia dada yule, nikamweleza, naye akauliza swali la maana sana: "Wao wamenitaka, au wewe ndiwe unayenitaka?" Nilimjibu kwamba ni mimi tu, na Halmashauri yaweza kukataa. Asiyeambiwa hivi atashona nguo, atakariri maneno, kisha siku ya shughuli atamsikia mwingine anaitwa. Aibu hiyo itakuwa imetoka kwako wewe uliyempendekeza.

Baada ya hayo niliandika barua hii:

"Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUSOMA RISALA YA VIJANA SIKU YA KUFUNGUA KISIMA

Nimeipata barua yako jana, nami naishukuru Halmashauri ya Kijiji kwa kunikumbuka.

Nasikitika kukuarifu kwamba sitaweza kuja. Siku hiyo tutakuwa katikati ya mtihani wa majaribio, na mwanafunzi wa bweni haruhusiwi kutoka.

Iwapo Halmashauri itaona vyema, napendekeza risala isomwe na katibu wa jumuiya ya watumiaji maji. Yeye ni kijana, na ndiye aliyeandika daftari la michango, hivyo habari za kisima anazijua kuliko mimi. Nimekwisha kusema naye. Yuko tayari, na anafahamu kwamba uamuzi ni wenu. Mtampata ofisi ya kijiji Jumatano jioni.

Mkipenda niipitie risala, iletwe kabla ya mtihani kuanza.

Wako mtiifu,"

Msomaji ataona kwamba sababu ni moja tu. Ningeweza kuongeza habari ya nauli na umbali, lakini kila sababu unayoiongeza yaweza kupatiwa dawa. Ukitaja nauli, watachanga nauli, na hapo utakuwa umebanwa. Ataona pia kwamba neno "sitaweza" limekuja mapema, kabla ya jina la dada yule, ili mtu asije akafikiri kwamba nangoja kubembelezwa. Jina nimetaja moja. Ukitaja majina mawili, yule asiyechukuliwa atajiona amepimwa akaonekana mwepesi. Shikamoo haimo, kwa kuwa barua rasmi tumefundishwa hivyo, lakini Mwenyekiti ni mzee wangu, kwa hiyo nilimwomba baba amfikishie salamu kwa mdomo siku ile ile ya kupeleka barua.

Baadhi ya wenzangu walisema kwamba kumtaja mtu ni kiburi, ati mgeni hachagui chakula. Nawajibu kwa habari ambayo Waislamu na Wakristo wote tunaijua. Nabii Musa alipotumwa kwenda kusema mbele ya Farao, aliona ulimi wake mzito, na nduguye Haruni akawekwa pamoja naye awe msemaji. Katika Kurani ni Musa mwenyewe aliyemwomba Mungu ampe Haruni, kwa kuwa ni mfasaha kuliko yeye. Hakuna amwitaye Musa mwenye kiburi kwa hilo. Kiburi kingekuwa kumtuma mtu badala yangu bila kuuliza, kana kwamba nafasi ile ni mali yangu. Nafasi ni ya Halmashauri. Mimi nina ruhusa ya kupendekeza tu, na ndiyo maana barua yasema "iwapo Halmashauri itaona vyema".

Hata hivyo nakubali kwamba si kila mwaliko hujibiwa hivi. Ukiitwa kusema kwa niaba ya jamaa yako katika arobaini ya babu yako, usimtaje jirani. Mtafute ndugu wa damu, au mpe maneno yako ayasome. Na kama humjui mtu afaaye, kataa kwa shukrani tu, ukomee hapo. Jina lililotupwa ovyo huwapa wenye shughuli kazi mbili: ya kumwendea mtu asiyefaa, na ya kumwacha bila kumvunja moyo.

Watauliza, mwisho wake ulikuwaje? Katika Halmashauri palikuwa na wazee waliosema kwamba msichana hawezi kusimama mbele ya Mkuu wa Wilaya. Wengine waliuliza kama yuko mwingine aijuaye michango, na hakuwapo. Alisoma yeye. Baba aliniambia kwamba risala ilipokwisha, mgeni rasmi aliuliza ni kaya ngapi hazijamaliza michango yao. Dada yule alifungua daftari lake akajibu pale pale, akaeleza na sababu zao. Mimi ningalikuwa nimesimama pale, ningalisoma kwa sauti nzuri, na kwa swali lile ningalinyamaza.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba kukataa mwaliko si utovu wa adabu. Utovu wa adabu ni kuiacha kazi yako mikononi mwa waliokualika bila kuwaonyesha wa kuipokea, hali wewe unamjua. Mwenye kuona vingine na aandike katika toleo lijalo, nami nitamsoma kwa furaha.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV