Kanzu ya zawadi: namba ya rafiki utaijuaje?



Miaka miwili iliyopita nilimpa rafiki yangu kanzu nyeupe yenye kola, siku tatu kabla ya Idd. Ni mwalimu wa madrasa, anakaa upande wa Ilboru, na tumeswali safu moja kwa miaka mingi. Nilimwona ameivaa asubuhi ya Idd, koti limefungwa vifungo vyote, ingawa jua lilikuwa limekwisha kupanda. Kumbe kola haikufunga shingoni, na kifua kilimbana hata akashindwa kunyoosha mikono. Hakuniambia neno. Aliivaa kwa ajili yangu, kisha sikuiona tena, nami nikaona haya kumuuliza.

Mwaka huu baba yangu alipougua, mwalimu huyo ndiye aliyemsindikiza hospitali mara nne nami nikiwa safarini. Nilitaka kumpa kanzu tena, na safari hii aivae kwa raha. Nakusimulia nilivyofanya, kwa kuwa najua si peke yangu niliyewahi kununua kanzu kwa kukisia.

Kwanza, ile namba iliyo kwenye lebo ya shingoni. Katika kanzu nyingi za dukani, 54, 56, 58 au 60 ni urefu kwa inchi, kutoka begani karibu na shingo hadi kwenye upindo wa chini. Haihesabu kichwa wala shingo. Kwa hiyo watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kuvaa namba mbili tofauti, mmoja akiwa na shingo ndefu na mwingine mabega ya juu. Kinachotakiwa ni kimo cha bega, na sisi tunaoswali jamaa tumepewa kipimo chake bila gharama. Katika safu tunasimama bega kwa bega, visigino vimelingana, hatuna viatu. Bega la rafiki yangu liko juu ya langu kwa kiasi cha vidole viwili, yaani kama inchi moja na nusu. Mimi huvaa 56. Basi yeye ni 58 au pungufu yake kidogo. (Usipime ndani ya swala, subiri imamu anaponyoosha safu.)

Hata hivyo, bega halikwambii mtu anapenda upindo wake uishie wapi. Wako wanaotaka kanzu iguse karibu na kifundo cha mguu bila kukivuka, na wako wanaoipandisha hadi nusu ya muundi. Kati ya wawili hao pana tofauti ya inchi nne au zaidi. Jambo hilo hujulikana kwa kupima kanzu anayoipenda mwenyewe. Nilimwomba mke wangu azungumze na shemeji, naye akachukua ile kanzu ya rangi ya majivu ambayo mwalimu huivaa karibu kila Ijumaa, akailaza mezani, akaipima kwa futi ya fundi. Urefu ulikuwa inchi 58. Kutoka kwapa hadi kwapa ilikuwa inchi 24, yaani mzunguko wa 48. Shingo ilikuwa ya mviringo, isiyo na kola.

Hapo nililiona kosa langu la kwanza. Kola ya shati ndiyo sehemu ya kanzu ambayo fundi hawezi kuitanua. Upindo hukatwa, mkono hufupishwa, hata ubavuni huweza kuachiliwa kidogo ikiwa mshono umeacha akiba, lakini kola ikikataa shingo imekataa. Kanzu ya mtindo wa Kiomani, yenye shingo ya mviringo na kishada, husamehe zaidi. Kama huijui shingo ya mtu, chukua hiyo.

Rangi nayo nilikuwa nimeikosea. Kwangu nyeupe ndiyo vazi la heshima, lakini mimi nakaa karibu na lami. Yeye hushuka kwa miguu kwenye njia za mteremko wa Meru, ambako masika ni tope na kiangazi ni vumbi laini linaloshika upindo. Ukitaka kujua rangi anayoipenda mtu, usimtazame siku ya Idd, mtazame Ijumaa nne mfululizo. Yeye alivaa majivu mara mbili, kahawia mara moja na bluu iliyokolea mara moja.

Nikaingia maduka ya mjini, karibu na Soko Kuu. Kanzu ya 58 ya rangi ya kahawia ilikuwa na upana wa inchi 23 kwapa kwa kwapa, pungufu ya ile aliyoizoea. Tena Juni na Julai Arusha ni baridi, na mwalimu huvaa sweta ndani. Ya 60 ilikuwa na 24 na nusu. Niliichukua hiyo, kwa kuwa inchi mbili za chini fundi huziondoa, na inchi moja ya kifua iliyokosekana hana pa kuitoa. Mikono yake ilikuwa wazi, haina kofi la vifungo, hivyo nayo ingefupishwa kwa urahisi. Nilikiuliza pia kitambaa. Kilikuwa mchanganyiko wenye nyuzi za poliesta, ambao haupungui sana. Pamba tupu isiyokwisha kuoshwa ikipungua kwa asilimia 3 tu, kanzu ya inchi 58 hupoteza karibu inchi mbili, nayo ndiyo tofauti nzima ya namba moja. Ya pamba huoshwa kwanza, ndipo ikatwe.

Kofia sikununua. Kofia ya kushonwa kwa mkono hainyumbuki, na sikuwa na mzunguko wa kichwa chake.

Kabla ya kulipa nilimwomba mwenye duka sharti la hiari: ikiwa haikufaa, niirudishe. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu hapa tunayafuata, khiyari ya sharti haizidi siku tatu, nazo huanza pale mnapofunga biashara, si siku mwenzako atakapoijaribu. Ndiyo sababu sikununua mapema. Nilinunua Alhamisi alasiri na kuipeleka jioni ile ile, bado haijakatwa wala kuoshwa.

Na ikiwa haikufaa wala hairudishwi? Mtume (s.a.w.) alimpa Sayyidna Umar (r.a.) vazi la hariri, naye akastaajabu, kwa kuwa alikwisha kusikia kwake kuwa halivaliwi na wanaume. Akajibiwa kwamba hakupewa alivae. Umar akampa ndugu yake aliyekuwa Makka, ambaye hakuwa amesilimu. Aliyepewa vazi, basi, hafungwi kulivaa, na aliyetoa hana haki ya kulichungulia kila Ijumaa. Nilimwambia mwalimu hayo waziwazi kabla hajafungua mfuko, na nikamwomba radhi kwa ile ya kwanza.

Alicheka. Akasema ile nyeupe ilikwisha kwenda kwa mwanafunzi wake mmoja wa Usa River, mwembamba, na inamkaa vizuri. Kisha akaivaa hii ya kahawia juu ya sweta, akafunga kifungo cha shingoni, akanyoosha mikono juu kama anayehirimia swala. Kifua hakikubana. Upindo ulifunika kifundo kwa inchi mbili, kama tulivyotarajia. Ijumaa asubuhi niliipeleka kwa fundi pamoja na ile ya majivu kama kielelezo, nikalipa kabisa kazi yake, na adhana ya Ijumaa ilipoadhiniwa ilikuwa tayari.