Tangazo moja kwa lugha mbili: Mzigo usibadilike njiani

Mfanyabiashara wa dagaa mwenye stoo Mkolani, kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Shinyanga, huwa na wateja wa aina mbili. Wa kwanza ni Watanzania na Wakenya, ambao husoma tangazo lake kwa Kiswahili. Wa pili wako Bujumbura. Hao Kiswahili wanakijua, na kwenye simu mapatano huenda vizuri. Lakini linapofika suala la karatani wa hesabu, benki na hati za malipo, lugha yao ni Kifaransa. Kwa hiyo muuzaji hulazimika kutangaza mzigo uleule mara mbili.

Utaratibu uliozoeleka ni kuandika tangazo la Kiswahili, kisha kumpa mtu anayejua Kifaransa alitafsiri. Utaratibu huo ndio chanzo cha hasara. Mara nyingi tafsiri yenyewe haina kosa la sarufi. Kosa ni kwamba neno limetafsiriwa sawasawa, lakini kitu kinachotajwa upande wa pili ni kingine.

Mfano ufuatao ni wa kubuni, na bei yake si bei ya soko. Muuzaji anatangaza dagaa wakavu magunia 60, kila gunia kilo 40, kwa Sh 5,000 kilo moja, mnunuzi achukulie stoo. Malipo ya awali yafike Ijumaa kabla ya saa 10 jioni. Mzigo wote ni kilo 2,400, thamani yake Sh milioni 12. Kwa msomaji wa Mwanza hakuna la kuuliza. Kwa msomaji wa Bujumbura yapo maswali manne, na mengine hatayauliza kwa sababu atadhani anajua jibu.

La kwanza ni jina la bidhaa. Mtafsiri wa Kirundi au Kifaransa cha Burundi ataandika "ndagala", na atakuwa hajakosea. Lakini mtu wa Bujumbura akisikia ndagala, mawazo yake huenda kwanza kwa dagaa wa Ziwa Tanganyika, wale ambao Watanzania huwaita dagaa wa Kigoma. Dagaa wa Ziwa Victoria ni samaki wa jamii nyingine, Rastrineobola argentea, ambaye Mkenya humwita omena na Mganda humwita mukene. Mnunuzi aliyetegemea samaki wa Tanganyika akifungua gunia atasema ametapeliwa, na muuzaji ataapa kuwa hakudanganya. Wote wawili watakuwa na haki. Dawa yake ni kutaja ziwa na jina la kitaalamu katika matangazo yote mawili. Vilevile itajwe kama dagaa walianikwa kwenye vichanja au mchangani, maana mchanga ndani ya gunia huuzwa kwa bei ya dagaa.

La pili ni saa. Saa 10 jioni ya Kiswahili ni saa 16 kwa Kifaransa. Mtafsiri mwenye haraka ataandika "10 h", na malipo yatatakiwa asubuhi. Hata akiandika 16 h bado hajamaliza, kwa sababu saa za Burundi ziko nyuma ya za Tanzania kwa saa moja. Mnunuzi atakayelipa saa 15 na nusu kwa saa yake atakuwa amechelewa nusu saa Mkolani, huku akiamini amewahi. Tangazo la Kifaransa litaje saa 16 ya Tanzania, na papo hapo liseme kuwa ni saa 15 ya Bujumbura.

La tatu ni tarakimu na fedha. Katika maandishi ya Kifaransa, mkato hutenganisha kilo na sehemu ya kilo. Hivyo "2,400 kg" inaweza kusomwa kama kilo 2 na gramu 400. Hakuna atakayeamini kuwa lori linapakia kilo mbili, lakini karani wa benki akiona tarakimu za hati mbili hazifanani, anayo sababu ya kusimamisha malipo. Njia salama ni kuacha nafasi badala ya mkato au nukta: 2 400, na 12 000 000. Namna hiyo inasomeka pande zote mbili. Nayo "Sh" peke yake haitoshi, kwa kuwa Mkenya naye ana shilingi yake. Iandikwe TZS. Wanaopenda kukwepa tatizo hili kwa kutaja dola wakumbuke kuwa kanuni zilizotolewa mwaka 2025 zilipiga marufuku kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni.

La nne ni mahali bei inapoishia. "Mnunuzi achukulie stoo" lina maana kwamba upakiaji na usafiri si juu ya muuzaji. Mtafsiri akiandika kwa kifupi kuwa ni bei "kwa Bujumbura", amempa muuzaji gharama ya safari nzima hadi kuvuka mpaka. Kwa Kifaransa cha biashara maneno yanayofaa ni "prix départ entrepôt Mkolani".

Hata manne hayo yakirekebishwa, bado lipo kosa linaloumiza kuliko yote, nalo hutokea baada ya tangazo kutoka. Jumanne mteja wa Musoma ananunua magunia 8. Muuzaji anasahihisha tangazo la Kiswahili liwe magunia 52, kwa kuwa hilo analisoma mwenyewe. La Kifaransa linabaki na 60. Ijumaa fedha za magunia 60 zinaingia. Stoo kuna kilo 2,080 zenye thamani ya Sh 10,400,000, na muuzaji anadaiwa mzigo wa Sh 1,600,000 ambao hana. Lori likiwa limekwisha kukodiwa, gharama ya nafasi tupu nayo itadaiwa.

Kwa sababu hiyo tangazo la Kifaransa lisitoke kwenye tangazo la Kiswahili. Yote mawili yatoke kwenye karatasi moja yenye jedwali: bidhaa, ziwa, namna ya kukausha, idadi ya magunia, kilo za kila gunia bila gunia lenyewe, jumla ya kilo, bei, mahali pa kuchukulia, tarehe na saa. Kila mstari uwe na namba, na namba hizo zifuatwe katika lugha zote mbili. Badiliko lolote liingie kwanza kwenye jedwali, kisha matangazo yote mawili yatolewe upya siku hiyohiyo yakiwa na tarehe na namba ya toleo. Mnunuzi atakayepiga simu aulizwe kwanza ameshika toleo namba ngapi.

Kabla ya kutoa, watu wawili wakae pamoja. Mmoja asome mistari ya Kifaransa kwa sauti, akiieleza kwa Kiswahili, mwingine aweke alama kwenye jedwali bila kulitazama tangazo la Kiswahili. Mstari usiopata alama urudiwe.

Wapo wanaoona inatosha kuongeza sentensi kwamba pakiwa na tofauti, tangazo la Kiswahili ndilo litakalofuatwa. Sentensi hiyo iwepo, kwani husaidia mabishano yakitokea. Lakini humsaidia muuzaji kushinda mabishano na mteja ambaye, baada ya kushindwa, atanunua dagaa kwa mwingine.