Nyumba moja ya Capri Point, kodi mbili

Meneja wa kiwanda cha minofu ya sangara jijini Mwanza akipewa nyumba ya bure na gari la kampuni, hajapokea shilingi mkononi, lakini kodi anadaiwa. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inavihesabu vitu hivyo kuwa sehemu ya mapato ya ajira. Ugumu uko kwenye thamani yake.

Tuchukue mfano wa meneja ambaye, baada ya mchango wa hifadhi ya jamii, anabaki na shilingi 5,000,000 kwa mwezi, yaani milioni 60 kwa mwaka. Gari lake, ambalo analitumia pia kwa mambo binafsi, lina injini ya lita 2.7 na halijafikisha miaka mitano. Sheria haiulizi bei yake. Jedwali linasema gari la zaidi ya lita 2 hadi 3 lina thamani ya shilingi 1,000,000 kwa mwaka, na likizidi miaka mitano, nusu yake. Kwa kiwango chake cha juu cha asilimia 30, kodi ni shilingi 25,000 tu kwa mwezi. Angepewa nauli ya fedha taslimu ya milioni moja kila mwezi, angekatwa 300,000.

Nyumba ina hesabu ndefu zaidi. Kwanza hulinganishwa asilimia 15 ya mapato yake ya mwaka, bila kuhesabu nyumba yenyewe, na gharama za nyumba ambazo kampuni imezipunguza kwenye faida yake; huchukuliwa kubwa kati ya hizo. Kisha hiyo hulinganishwa na kodi ya pango ya soko, na sasa huchukuliwa ndogo. Kama meneja huchangia pango, mchango wake hutolewa.

Nyumba yake iko Capri Point, na pango lake sokoni tuseme ni milioni 18 kwa mwaka. Ikiwa ni mali ya kampuni, na uchakavu na matengenezo ni milioni 6, asilimia 15 ya milioni 61 (mshahara pamoja na gari) ni 9,150,000. Hiyo ndiyo thamani, na kodi yake ni 228,750 kwa mwezi. Ikiwa kampuni imeipanga kwa mwenye nyumba, gharama ni milioni 18, na kodi inapanda hadi 450,000, sawasawa na mtu aliyepewa posho ya pango taslimu.

Naona hapo pana dhuluma. Mtu analala nyumba ile ile, lakini hati miliki ya mwajiri ndiyo inayoamua makato yake. Kuna hoja ya haki kwamba nyumba ya kazini isithaminiwe kwa bei kamili, maana mfanyakazi hawezi kuiuza wala kuipangisha. Basi nafuu hiyo iwe ya wote.

Kwa wahasibu: kampuni isiyodai gharama yoyote ya gari haimtozi mfanyakazi faida hiyo. Lakini mafuta na uchakavu vikiwa kwenye hesabu za kampuni na gari halimo kwenye orodha ya mishahara, mkaguzi wa Mamlaka ya Mapato ataona pengo kwa kuweka vitabu hivyo viwili pamoja.

Bunge lirekebishe kanuni ya nyumba ili kigezo kiwe pango la soko lenye punguzo moja kwa kila mfanyakazi, na jedwali la magari lipitiwe kila baada ya miaka michache.