Hakuna Mteja wa Wastani Nyambureti

Kuna imani iliyoota mizizi kwenye kampuni zetu za simu, kwenye mabenki na hata kwa vijana wanaojenga mifumo ya malipo: ukitaka kujua kama huduma ina kasi, chukua muda ambao kila ombi limesubiri jibu, jumlisha, gawanya kwa idadi ya maombi. Wastani ukitoka mdogo, huduma ni nzuri, na anayelalamika basi simu yake ni mbovu au ana haraka zake. Imani hiyo ni potofu. Wanaoilipia ni watu wa mahali kama Nyambureti, wilayani Serengeti, ambako kwa wengi simu ndiyo benki yenyewe.

Tutazame kinachotokea kwenye kibanda cha wakala. Mteja amekuja kutoa pesa. Anapiga *150*00#, anachagua kutoa pesa, anachagua wakala, anaingiza namba ya wakala, kisha kiasi, kisha namba ya siri. Kila anapobonyeza kutuma, ombi linakwenda hadi kwenye seva za kampuni na jibu linarudi. Baada ya namba ya siri, wote wawili wanasubiri ujumbe. Wakala hatoi noti hata moja kabla ujumbe haujaingia kwenye simu yake, na ana haki, kwa sababu floti ni mtaji wake. Ujumbe ukichelewa, mteja hajui kama pesa imeshatoka au bado. Akirudia, anaweza kukatwa mara mbili. Asiporudia, anaweza kusimama pale bure huku watu nyuma yake wakiongezeka.

Sasa tuweke namba. Nimezichagua mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi, lakini sura yake ndiyo ya mifumo mingi ya aina hii. Chukua maombi 100. Maombi 90 yamejibiwa kwa sekunde 1. Maombi 7 yamejibiwa kwa sekunde 4. Matatu yaliyobaki yamechukua sekunde 40 kila moja. Jumla ni sekunde 238, na wastani ni sekunde 2.38. Meneja anaiona namba hiyo kwenye dashibodi na kuridhika. Lakini katika maombi yote 100, hakuna hata moja lililosubiri sekunde 2.38. Tisini yalikwenda haraka zaidi ya hapo, na matatu yalichelewa karibu mara 17 yake. Namba iliyotangazwa haimhusu mteja yeyote.

Persentaili inafanya kazi tofauti. Panga maombi yote kwa mstari, kuanzia la haraka hadi la kuchelewa kabisa, kisha uliza: aliyesimama nafasi ya 50 amesubiri kiasi gani? Sekunde 1. Nafasi ya 95, ambayo mafundi huiandika p95? Sekunde 4. Nafasi ya 99, yaani p99? Sekunde 40. Namba tatu tu, na kila moja ni muda ambao kuna mtu ameusubiri kweli. Ya kwanza inakueleza siku ya kawaida ya mteja, na ya mwisho inakueleza kwa nini kuna mtu ameapa kurudi kuficha pesa ndani ya nyumba.

Najua jibu linalokuja: hao ni watatu tu katika mia, kwa nini tuhangaike nao? Jibu hilo linasahau kwamba mteja hatumi ombi moja. Kutoa pesa ni hatua kama sita. Ikiwa kila hatua ina uwezekano wa asilimia 3 wa kukwama, uwezekano wa kupita zote sita bila kukwama ni 0.97 ikizidishwa yenyewe mara sita, yaani kama asilimia 83. Kwa hiyo karibu mteja mmoja kati ya sita atakwama mahali fulani. Wakala akihudumia watu 30 kwa siku, watano hivi watasimama mbele yake wakikodolea macho simu. Hapo tumedhani kwamba ucheleweshaji unatawanyika sawasawa siku nzima, jambo ambalo si kweli. Mifumo huelemewa pale maombi yanaporundikana, mfano mwisho wa mwezi au siku ya mnada wa ng'ombe. Siku ambayo mtu anahitaji pesa yake kuliko siku zote ndiyo siku foleni ya seva inakuwa ndefu.

Kuna ubaya mwingine unaofichika zaidi, nao ndio unaonikera kuliko wote. Kikao cha USSD kina kikomo cha muda. Jibu lisipofika ndani ya muda huo, kikao kinakatika. Mifumo mingi huhesabu muda wa maombi yaliyofanikiwa tu, na yaliyokatika huandikwa kwingine kama makosa. Rudi kwenye mfano wetu: yale matatu ya sekunde 40 yakikatika na kuondolewa, yanabaki 97 yenye jumla ya sekunde 118. Wastani unashuka hadi takriban sekunde 1.2. Huduma imeharibika, watu watatu hawakupata kitu, na grafu inaonyesha kwamba kasi imeongezeka. Persentaili nayo itadanganya vivyo hivyo ikiwa waliokatwa hawamo. Ndiyo maana ombi lililokatika lazima lihesabiwe kama lililosubiri angalau hadi mwisho wa kikao.

Hata hivyo, p99 ya nchi nzima nayo haitoshi. Maombi ya Dar es Salaam ni mengi kiasi kwamba kata moja ya mkoa wa Mara inaweza kukwama kuanzia asubuhi hadi jioni bila p99 ya taifa kutikisika. Inabidi ipimwe kwa kata au kwa mnara. Na hapa mafundi wengi huteleza: wanachukua p99 ya kila eneo, wanazijumlisha na kuzigawanya, kisha wanaiita p99 ya mkoa. Haikubaliki kihesabu, kwa sababu eneo lenye maombi 50 limepewa uzito sawa na lenye maombi 50,000. Ukitaka ya mkoa, kusanya hesabu ya maombi katika kila tabaka la muda kutoka maeneo yote, kisha upange mstari upya. Na mahali penye maombi machache usitafute p99 ya saa moja, maana katika maombi 60 itakuwa ni lile moja lililochelewa kuliko yote. Tumia p90, au kusanya ya wiki nzima.

Hili si jambo geni duniani. Mwaka 2007 wahandisi wa Amazon walipoeleza hadharani hifadhidata yao waliyoiita Dynamo, walisema wazi kwamba wastani hauwatoshi, na kwamba wao hupima kwa persentaili ya 99.9, kwa sababu wanataka huduma iwe nzuri kwa wateja wote na si kwa wengi wao tu. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka uliofuata, 2008. Ujuzi huu ulikuwepo tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo naziomba kampuni za simu, na naiomba Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania izisimamie: acheni kutujibu kwa wastani. Tangazeni p50, p95 na p99 za muamala mzima, kuanzia mteja anapopiga menyu hadi ujumbe unapoingia kwa wakala, kata kwa kata, pamoja na vikao vilivyokatika. Nawe wakala wa Nyambureti, mwenye daftari mezani, ongeza safu moja: andika saa mteja alipotuma namba ya siri na saa ujumbe ulipoingia. Watu wa kampuni wakija kukwambia mtandao ni mzuri, wafungulie daftari.