Gesti na butike zetu zinukie kidogo, zisizibe pua

Leo ninasema juu ya jambo ambalo wenye gesti wa Bulambika na barabara ya kwenda Hombo hawapendi kuambiwa. Vyumba vingi vinanuka, na dawa wanayotumia kuondoa harufu ndiyo inayofukuza watu. Mgeni anafungua mlango, anakutana na pafyumu kali ya kopo iliyopulizwa dakika tano zilizopita, na chini yake anasikia matola yenye unyevu. Akili yake inamwambia mara moja: hapa kuna kitu kinafichwa. Asubuhi anaondoka, na safari nyingine analala kwa jirani.

Maoni yangu ni haya. Harufu nzuri ya nyumba ya wageni au ya butike inaanza kwa kuondoa, haianzi kwa kuongeza. Ukishaondoa, chagua harufu moja tu, ile ile kila siku, na iwe ndogo kiasi kwamba mtu anaisikia akiingia, kisha anaisahau.

Tuanze na kuondoa, maana hapo ndipo kazi ilipo. Sisi tunaishi karibu na msitu, mvua hainyeshi kwa mchezo, na chumba kisichofunguliwa siku mbili kinashika uvundo. Fanya jaribio hili. Funga chumba saa nzima, dirisha na mlango. Kisha mwite mtu asiyelala hapo, aingie na kukwambia kitu cha kwanza anachosikia puani. Usimwongoze. Akisema "nguo mbichi", tafuta shuka zilizokunjwa kabla hazijakauka vizuri. Akisema "udongo", toa matola nje kwenye jua, uiegemeze ukutani ili upewe upepo pande zote mbili, na uangalie ukuta uliokuwa nyuma yake kama una madoa meusi ya ukungu. Akisema "choo" na choo kiko mbali, angalia tundu la bafu. Bomba lililopindwa chini ya tundu hilo hubakiza maji kidogo, na maji hayo ndiyo yanayozuia harufu ya shimo isipande. Chumba kikikaa bila mgeni, maji yanakauka na harufu inapata njia. Mwaga lita moja ya maji kwenye tundu kila wiki, kazi imekwisha. Hakuna pafyumu itakayofanya kazi ya lita hiyo.

Wengine wanatupa naftalini chooni na kwenye kabati, zile tembe nyeupe. Mimi napinga kabisa, na siyo kwa sababu ya pua tu. Siku hizi vyumba vya gesti havilali wafanyabiashara peke yao. Vinalala familia zilizokimbia vijiji, na ndani yake wamo mama wenye watoto wachanga. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu katika damu, na upungufu huo ni wa kawaida sehemu zenye malaria nyingi kama kwetu. Mtoto wa namna hiyo akivaa nguo au kufunikwa blanketi lililokaa na naftalini, damu yake inaweza kuvunjika, akageuka njano na kuishiwa nguvu. Mwenye gesti hawezi kumjua mtoto huyo kwa macho. Basi naftalini itoke.

Sasa tufike kwenye kuchagua. Pwani, Unguja na Mombasa, watu wana desturi ya kufukiza udi. Wanaweka kaa la moto kwenye chetezo, wanatia udi, wanapitisha moshi chumbani kabla mgeni hajafika, halafu chetezo kinatolewa. Harufu inabaki kwenye mapazia na nguo, moshi umekwenda zake. Ni desturi nzuri kwao. Hapa kwetu sishauri moshi. Kwanza, mbabula ndani ya chumba kilichofungwa inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wamekufa usingizini kwa sababu hiyo. Ukitia majani ya kunukia juu ya makala, pua inafurahi lakini sumu iko pale pale. Pili, kati ya wageni wetu wapo walioona nyumba zao zikiungua. Kumwamsha mtu wa namna hiyo usiku kwa harufu ya moshi siyo ukarimu.

Na kuna sababu ya tatu ambayo kila mwenye butike anaijua. Harufu ngeni inayotoka dukani, watu hawataisifu. Watasema una dawa ya kuvutia wateja. Kwa hiyo chagua harufu ambayo kila mtu anaijua tangu utoto na hawezi kuishuku.

Kwa gesti, mimi ninachagua mchaichai, ule tunaouita sitronele. Unaota nyuma ya nyumba, haununuliwi Bukavu, na mgeni akiusikia anafikiria chai ya asubuhi, hafikirii dawa. Tena ni harufu moja, haijachanganywa. Wafanyabiashara wengi wanadhani kuchanganya ndiyo ufundi: ndimu, na maua, na vanila juu yake. Watafiti walijaribu jambo hili katika duka la vyombo vya nyumbani mjini St. Gallen, Uswisi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Siku nyingine waliweka harufu ya chungwa peke yake, siku nyingine chungwa lililochanganywa na majani ya basili na chai ya kijani. Wanunuzi walitumia pesa zaidi siku za chungwa peke yake. Mchanganyiko, hata kama ulipendeza vile vile, haukuleta faida hiyo. Maelezo yao ni rahisi: harufu moja akili inaitambua bila kazi, mchanganyiko unaisumbua.

Tuchukue mfano wa gesti ya vyumba vitano na sebule ndogo ya mita nne kwa tatu. Kata mabua sita au manane ya mchaichai, uyapondeponde kidogo upande wa chini ili mafuta yake yatoke, uyafunge kwa kamba na kuyaning'iniza karibu na mlango wa sebule, mahali upepo unapita. Badilisha kila siku ya pili, maana yakikauka kabisa yananukia kama nyasi tu. Kwa sakafu, chemsha konzi moja ya majani katika lita moja ya maji kwa dakika kumi, chuja, changanya na lita tano za maji safi, upige deki sebule na korido. Maji hayo yatumike siku ile ile. Yakilala mpaka kesho yanachacha, nawe utakuwa umepaka nyumba harufu ya uchachu.

Vyumbani usiweke kitu. Narudia: vyumbani usiweke kitu. Mtu analala humo saa nane, pengine ana pumu, pengine ni mjamzito ambaye kila harufu inamtapisha. Chumba kinuke sabuni ya shuka na hewa ya dirishani, inatosha. Mlangoni ndipo mgeni anapopokelewa, na mlangoni ndipo harufu ifanye kazi yake.

Hatari kubwa ni kuongeza. Pua ya binadamu inachoka. Ukikaa mahali penye harufu moja dakika chache, unaacha kuisikia, ingawa bado ipo. Mwenye gesti anashinda pale siku nzima, kwa hiyo anaamini harufu imekwisha, anaongeza mabua. Mfanyakazi naye anaongeza. Kufika Jumamosi mgeni anapiga chafya. Dawa yake ni mbili. Andika kipimo kwenye karatasi na ukibandike jikoni: mabua manane, siku ya pili, basi. Halafu usiiamini pua yako mwenyewe. Toka nje robo saa kisha urudi, au muulize motari aliyeleta abiria. Kama anasikia harufu akiwa bado juu ya pikipiki barabarani, imezidi. Kama mgeni neno lake la kwanza ni "hapa mmetia nini?", imezidi pia. Ikiwa anasema tu "hapa ni pasafi", umepata.

Butike ni habari nyingine, na hapa ninawaambia hasa mama waliofungua vibanda karibu na kambi na sehemu za wakimbizi wa ndani. Msitafute harufu ya kuongeza. Bidhaa zenyewe zinanukia, na zinaibiana harufu. Unga, mchele, chumvi na majani ya chai vinavuta harufu ya jirani yake. Weka katoni ya sabuni juu ya gunia la mchele wiki moja, mteja atakula wali wenye ladha ya sabuni, na hatakwambia, atahama tu. Petroli na esansi ni mbaya zaidi. Bidoni moja inayovuja chini ya meza inatosha kuharibu unga wote wa kibanda. Petroli ikae nje, chini ya paa lake, na anayeipima anawe mikono kabla ya kugusa chakula. Vyakula viwe upande mmoja, sabuni upande mwingine karibu na mlango. Hapo mteja anapoingia anakutana kwanza na sabuni, harufu ya usafi, nawe hukulipa hata franka moja.

Najua mtakachonijibu. Nyumba ni za mbao, mvua haikomi, vyumba vimejaa watu kuliko vitanda, na kopo la pafyumu linamaliza shida kwa dakika moja. Ni kweli linamaliza kwa dakika moja. Baada ya saa mbili uvundo umerudi, kopo limepungua, na pesa imekwenda. Lakini dirisha likifunguliwa kila asubuhi na matola ikipata jua, chumba kinabaki safi mpaka mgeni anayefuata, na hilo halina bei.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo wenye nyumba walifikirie. Familia iliyokimbia inapopangiwa chumba, haina nguvu ya kulalamika. Itanyamaza na kuvumilia ukungu na naftalini, kwa sababu haina pa kwenda. Kunyamaza kwake kusikudanganye kwamba chumba ni kizuri. Fanya lile jaribio la kufunga chumba saa moja, na safari hii mwite mama anayelala humo, umwambie aseme anachosikia. Halafu uanze na matola.