Hati Haikupotea

Juma hili twataka kuzungumzia uongo ambao wengi huuona mdogo: kuripoti kuwa hati ya shamba imepotea, ilhali mtu ajua i wapi.

Tuchukue mfano. Bwana mmoja akopa shilingi 200,000 kwa shemeji yake, na kumwachia hati yake iwe rehani. Deni lamlemea, mnunuzi wa shamba atokea, na shemeji akataa kuirudisha hati kabla ya kulipwa. Bwana aenda kituoni, aeleza kuwa hati imepotea, na maneno yake yaandikwa katika kitabu cha matukio. Kisha aapa mbele ya kamishna wa viapo na kutia sahihi. Kwa nyaraka hizo amwomba Msajili wa Ardhi hati nyingine.

Hapo ndipo uongo huanza kufichuka. Kabla ya kutoa hati mpya, Msajili hutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali na katika magazeti mawili yanayosomwa nchi nzima, kisha hungoja siku 60. Shemeji aliyeliona tangazo huja na hati yenyewe mkononi, pamoja na karatasi ya rehani yenye sahihi za wote wawili. Bwana hawezi kusema alisahau.

Sasa anayo makosa mawili. Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu kinamhukumu anayempa mtumishi wa umma habari anazojua kuwa ni za uongo, ili atende asilopasa kutenda. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka mitatu. Kifungu cha 114 nacho kinahusu kiapo cha uongo nje ya mahakama. Akizidi kuyarudia maneno hayo kizimbani baada ya kuapishwa, huwa ameshuhudia uongo katika jambo la msingi wa kesi, na adhabu hupanda hadi miaka saba.

Sheria haimwadhibu aliyekosea kwa nia njema. Aliyeitafuta hati kwa kweli asiione, kisha akaipata chini ya sanduku la marehemu mama yake, hana hatia. Lakini arudi upesi kituoni na kwa Msajili akaeleze. Wala mtu hatiwi hatiani kwa kushuhudia uongo kwa neno la shahidi mmoja pekee. Lazima pawe na ushahidi mwingine wa kuliunga mkono. Katika mfano wetu, karatasi ya rehani ingetosha kuwa ushahidi huo.

Sisi tumefunzwa tangu chuoni kuwa ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa. Deni la shemeji lingeweza kusuluhishwa barazani, mbele ya wazee, kwa kulipa kidogo kidogo. Kiapo kikishatiwa sahihi, wazee hawana tena uwezo wa kukifuta.