Vitone Vitatu Vilivyommeza Mũmbi

Juzi nilipeleka tangazo la mchezo wetu wa kuigiza ili lisomwe katika simu. Kichwa chake kilikuwa "Mchezo wa Gĩkũyũ na Mũmbi waanza leo", na nafasi iliyotolewa ilikuwa ya herufi 26. Kilipotokea kiooni kilisomeka: "Mchezo wa Gĩkũyũ na…" Baba alibaki, mama akamezwa! Mwenzangu alipokiandika upya kwa simu yake, Mũmbi akarudi mzima. Kulikoni?

Ndugu msomaji, wewe ukiiona ũ waihesabu herufi moja. Kompyuta yaweza kuihifadhi kwa njia mbili: kwa namba moja, U+0169, au kwa namba mbili, yaani u ya kawaida ikifuatwa na kiwimbi chake, U+0303. Kiooni hazitofautiani hata kidogo. Kichwa changu kilikuwa cha namba mbili mbili.

Tuhesabu pamoja. Kichwa kizima, pamoja na nafasi kati ya maneno, ni herufi 36, basi hakienei. Vitone vitatu, vikiandikwa kama alama moja, huchukua nafasi moja, na zinabaki 25. Kwa jicho la msomaji, herufi ya 25 ndiyo i ya mwisho ya Mũmbi, na neno limekwisha. Lakini programu ilihesabu namba. Viwimbi vinne vikahesabiwa kama herufi nne zaidi, na ile ya 25 ikawa u ya Mũmbi, kiwimbi chake kikiwa nje. Programu ikaona imo katikati ya neno, ikarudi nyuma hadi "na". Isingerudi, tungalisoma "Mu…", na katika Kikuyu u si ũ.

Wako wasemao dawa ni kuunganisha kila herufi na alama yake kuwa namba moja. Kwa Kikuyu itafaa. Lakini tenzi zetu za hati ya Kiarabu je? Be yenye fatha haina namba yake moja. Ni mbili daima.

Kwa hiyo nashikilia kwamba mtunga programu sharti ahesabu kama aonavyo msomaji. Kanuni zimo katika Unicode, na JavaScript ina `Intl.Segmenter` inayozifuata. Kwanza atazame kama maandishi yote yanaenea, asikate bure. Yasipoenea, atoe nafasi ya vitone, kisha arudi hadi mwisho wa neno. Neno moja likizidi nafasi yote, alikate ndani, lakini kati ya herufi nzima. Wala asidhani ng' ya ng'ombe ni mwisho wa neno.

Hesabu hii haipimi upana, maana m ni nene kuliko i. Lakini haitamtenga tena Mũmbi na mumewe. Ukitaka kuijaribu programu yako, iandikie kichwa kile kile kwa njia zote mbili. Vikikatwa mahali tofauti, kosa umeliona.